Kipilefti cha leni mbili: uingie na leni ipi, na indiketa ya kutokea uiwashe wapi

Kosa ni lile lile kila mara. Dereva anaingia kwenye kipilefti akiwa leni ya kushoto kwa sababu ndiko alikoona nafasi, anazunguka nayo kuelekea kulia, na kabla hajafika, jirani yake wa leni ya ndani anatoka kwenda mbele. Pua inakutana na ubavu. Wanateremka, kila mmoja anaapa kuwa haki ilikuwa yake, na lazima mmoja wao aseme: "Lakini indiketa niliwasha!"

Nafundisha udereva hapa Tanga, na sentensi hiyo nimeichoka. Si kwamba wanadanganya. Indiketa waliwasha kweli, ila waliiwasha mahali ambapo inamdanganya mwenzao. Wengi wamejifunzia mitaa ya Ngamiani, ambako barabara za namba zimenyooka na kukatana kama madirisha ya daftari la hesabu. Huko unawasha indiketa mara moja, unakata kona, imekwisha. Kwenye kipilefti indiketa ina kazi mbili zinazofuatana, ya kuingilia na ya kutokea, na leni uliyoingia nayo ndiyo inayoamua kama ile ya pili utaweza kuitii.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chaki na sakafu ya saruji, au kijiti na mchanga uliolowa kidogo.
- Vizibo vinne vya soda, viwili vya rangi moja na viwili vya rangi nyingine. Hayo ndiyo magari.
- Gari lenye indiketa zote nzima. Washa kushoto, shuka, lizunguke gari. Kisha kulia, hivyo hivyo. Kwenye magari mengi indiketa ikipiga mbio kuliko kawaida, balbu moja ya upande huo imekufa.
- Kitambaa kikavu cha kufutia vioo vya pembeni. Chumvi ya baharini inaacha utando ambao huuoni mpaka jua likupige usoni.
- Mtu mzima mwenye leseni akae kiti cha kushoto.
- Asubuhi ya Jumapili, kabla ya saa moja.

Chora sasa. Duara la katikati ni kisiwa. Duara la pili ni mstari unaogawa leni mbili, na la tatu ni ukingo wa nje. Kisha chora barabara nne zinazoingia, na kila moja iwe na leni mbili za kuingia na mbili za kutoka. Barabara uliyosimama wewe iite Stendi. Ya kushoto kwako iite Sokoni, ya mbele Bandarini, ya kulia Hospitali. Ni majina ya mfano tu, nitayatumia mpaka mwisho.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari yanazunguka kisiwa kama mishale ya saa. Ukitokea Stendi, njia ya kwanza ya kutokea ni Sokoni, ya pili Bandarini, ya tatu Hospitali, na ya nne inakurudisha Stendi. Sogeza kizibo kwa kidole uzihesabu. Utaona jambo moja ambalo watu hawalitilii maanani: kwenye kila barabara unaanza kupita mdomo wa kutokea, ndipo unakuja mdomo wa kuingilia. Shika hilo, tutalihitaji kwenye hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Amua unatokea wapi kabla hujaiona foleni

Uamuzi ufanyike mita mia moja kabla, pale kibao kinachoonyesha mchoro wa kipilefti kinaposomeka. Jiambie kwa sauti: "Natokea ya tatu." Usijiambie "naenda hospitali", kwa sababu ukiwa ndani ya mzunguko huoni hospitali, unaona midomo ya barabara, na hiyo ndiyo unayoweza kuihesabu.

Ukichelewa kuamua, foleni ndiyo itakayokuchagulia leni. Utaingia kule kulikopungua magari, na hapo ndipo kosa zima linapozaliwa, ingawa mgongano utatokea sekunde kumi na tano baadaye.

Umefanikiwa kama abiria wako akikuuliza "ya ngapi?" unamjibu bila kusita, na gari bado lina nafasi ya kubadili leni bila kumbana mtu.

## Hatua ya 2: Chagua leni

Tazama kwanza mishale iliyochorwa kwenye lami na kwenye vibao. Mshale ukisema leni ya kushoto ni ya kwenda kushoto tu, umekwisha mjadala, hata kama siku zote umezoea kuitumia kwenda mbele. Mishale inashinda kanuni ninayoitoa hapa chini.

Kama hakuna mishale, au imefutika, kanuni ni hii:

- Kwenda kushoto, yaani Sokoni: leni ya kushoto.
- Kwenda mbele, yaani Bandarini: leni ya kushoto.
- Kwenda kulia, yaani Hospitali, au kurudi ulikotoka: leni ya kulia.

Watu hubishana kwenye hiyo ya kati. Je, naweza kwenda mbele kwa leni ya kulia? Unaweza pale ambapo mshale unaruhusu, na pale ambapo barabara unayotokea ina leni mbili za kukupokea. Inyooshee shingo: ikiwa Bandarini wanatokea kwa leni moja tu, magari mawili yanayotoka sambamba hayawezi kutoshea, kwa hiyo leni ya kulia hapo ni ya wanaokwenda kulia na wanaorudi. Usipokuwa na hakika, nenda na kushoto. Foleni itakuwa ndefu kidogo, lakini hutakuwa na mtu wa kumkatiza ukifika mlangoni.

Onyo langu kubwa ni hili: leni ya kushoto si ya kuzungukia kwenda kulia. Najua wanaoifanya hivyo. Wanaona leni ya ndani inatisha, wanajibana nje wakidhani wako salama. Weka kizibo chekundu leni ya nje kikitokea Stendi kwenda Hospitali, na cha bluu leni ya ndani kikitokea Stendi kwenda Bandarini. Visogeze pamoja. Mbele ya mdomo wa Bandarini cha bluu kinataka kutoka, na chekundu kimekaa mlangoni pake. Hakuna mwendo wala honi itakayowaokoa hao wawili isipokuwa mmoja afunge breki, na aliyejiweka mahali pasipo pake ni chekundu.

## Hatua ya 3: Sogea ukiwa na indiketa sahihi ya kuingilia

Ondoa mguu kwenye mafuta mapema, shuka gia ya pili, ufike kwenye mstari wa kupisha ukiwa chini ya kilomita ishirini kwa saa. Indiketa inategemea unakokwenda:

- Sokoni: washa kushoto, iache mpaka utoke.
- Bandarini: usiwashe chochote.
- Hospitali, au kurudi Stendi: washa kulia.

Hiyo ya pili inawasumbua wengi, kwa kuwa mtu anaona vibaya kufika njia panda akiwa kimya. Ndipo wanapobuni hazadi, eti kuwasha taa zote nne ndiyo alama ya "naenda mbele". Tafadhali acha. Dereva aliye kushoto kwako haoni taa nne, anaona zile za upande wake tu, na kwake hiyo ni indiketa ya kushoto. Aliye kulia naye anaona ya kulia. Gari moja limetoa habari mbili zinazopingana. Kimya ndicho kinachosema "naenda mbele".

Na sasa jambo dogo la mkono. Magari mengi tuliyonayo yametoka Japani, na kijiti cha indiketa kiko kulia mwa usukani: chini ni kulia, juu ni kushoto. Yale ya Ulaya kijiti kiko kushoto, na huko mambo yanageuka. Aliyezoea moja akiazima jingine anawasha waipa katikati ya kipilefti. Kabla hujaondoka nyumbani, kipapase mara tatu.

## Hatua ya 4: Mstari wa kupisha

Aliye ndani ya mzunguko ndiye mwenye njia, naye anakujia kutoka kulia. Unamsubiri. Unamsubiri hata kama yuko leni ya ndani na wewe unataka leni ya nje, kwa sababu anaweza kuwa anajiandaa kutoka na atahitaji kupita hapo hapo unapotaka kuingia.

Usiamini indiketa peke yake. Mtu akija na indiketa ya kushoto, subiri uone pua ya gari au tairi za mbele zikielekea kwenye mdomo wa kutokea. Kuna indiketa zilizosahaulika tangu kule stendi ya mabasi ya Kange.

Ukiingia, ingia kwenye leni ile ile uliyokuwa nayo. Aliye kushoto anaingia nje, aliye kulia anaingia ndani, na wanaweza kuingia bega kwa bega bila kugusana. Hapa indiketa ya kulia huwa inazimika yenyewe na dereva asijue. Ili kuingia, unaanza kwa kukata usukani kushoto kidogo, na kile kifaa cha kurudisha kijiti kinadhani umeshamaliza kona ya kulia. Sikiliza ule mlio wa tik-tik. Ukikatika, washa tena.

Umefanikiwa kama hakuna aliye ndani aliyegusa breki kwa ajili yako.

## Hatua ya 5: Baki kwenye leni yako

Mwendo ndani uwe kilomita ishirini kwa saa, ishirini na tano ukizidisha. Tazama mbali kidogo, kule mstari unakopindia, badala ya boneti.

Kosa la hatua hii ni kunyoosha kipilefti. Dereva anayekwenda mbele anaingia kwa leni ya nje, anaona usukani ukimchosha, basi anapita karibu na kisiwa na kutokea tena nje. Kwake yeye amekwenda moja kwa moja. Kwa aliye leni ya ndani, amefungiwa njia mara moja na akafunguliwa. Ukijikuta unafanya hivyo, tatizo ni mwendo. Punguza na usukani utakuwa mwepesi.

Usiovateki humu ndani, na usikae sambamba na mlango wa mtu. Kaa mbele yake au nyuma yake kwa urefu wa nusu gari, ili akitazama kioo akuone.

## Hatua ya 6: Indiketa ya kutokea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea wakiwa na nia njema kabisa.

Kanuni: washa kushoto wakati unaupita mdomo wa kutokea ulio kabla ya wako. Unakwenda Bandarini, washa ukipita mdomo wa Sokoni. Unakwenda Hospitali, washa ukipita mdomo wa Bandarini. Anayekwenda Sokoni alishawasha zamani.

Kwa nini isiwe mapema zaidi? Rudi kwenye mchoro. Weka kizibo kikitokea Stendi kwenda Hospitali, na kingine kimesimama kwenye mstari wa kupisha wa Bandarini kikitaka kuingia. Cha kwanza kikiwasha kushoto kabla ya kufika mdomo wa Bandarini, cha pili kinasoma: "Huyu anatokea kwetu, njia ni yangu." Kwa kuwa mdomo wa kutokea unakuja kabla ya ule wa kuingilia, ana kila sababu ya kuamini hivyo. Anaingia. Nawe huku unaendelea kwenda Hospitali. Atakugonga kiti cha kushoto, alipokaa abiria wako, na ukisema "indiketa niliwasha" utakuwa unamthibitishia kosa lako.

Ukichelewa, hasara ni nyingine. Aliyesimama Hospitali anasubiri bure, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba aliye nyuma yako na aliye leni ya nje hawajui kuwa unakuja upande wao.

Una muda gani? Chukua kipilefti ambacho mstari wa katikati ya leni yako una mzunguko wa mita 160 hivi. Toka mdomo mmoja hadi mwingine ni mita 40. Kwa kilomita ishirini kwa saa unakwenda kama mita tano na nusu kila sekunde, kwa hiyo una sekunde saba. Indiketa hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, yaani mwenzako anapata mapigo saba mpaka kumi na manne ya kukusoma. Yanatosha. Ukienda kwa kilomita arobaini, muda na mapigo vyote vinabaki nusu.

Kwa anayekwenda kulia, kijiti kinatoka chini kabisa hadi juu kabisa kwenye gari la Kijapani, na wengi wanakiacha katikati. Wanadhani wamebadili kumbe wamezima tu. Tena usikilize mlio, na utupie jicho mshale wa kijani kwenye dashibodi.

## Hatua ya 7: Kioo, shingo, toka

Sisi tunakaa kulia na tunatokea kushoto. Maana yake upande tunaoelekea ndio ulio mbali na macho yetu, na ndio wenye nguzo ya gari, kichwa cha abiria, na mfuko wa mchele uliowekwa kiti cha mbele. Bodaboda anapenya hapo hapo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: indiketa kushoto, kioo cha kushoto, kisha geuza shingo utazame nje ya dirisha la mlango wa nyuma kwa mtupo mmoja wa haraka. Kama uko leni ya ndani na pako wazi, sogea kushoto na utoke. Kama barabara unayotokea ina leni mbili na ulikuwa ndani, toka na leni ya kulia ya hiyo barabara, usiruke hadi ya kushoto. Utahamia mbele, ukishanyooka.

Kama hapako wazi, hutoki. Nitalirudia chini.

Ukishatoka, zima indiketa kwa mkono. Kona ya kutokea mara nyingi ni ndogo, haitoshi kukirudisha kijiti, na indiketa ya kushoto iliyobaki inapiga itamwambia mtu wa kichochoro kinachofuata kwamba unaingia kwake.

## Safari moja kamili

Mwanafunzi wangu mmoja ni kaka anayeendesha Noah ya abiria. Alikuwa na leseni siku nyingi, alikuja kwangu baada ya kukwaruzwa ubavu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, mara zote kwenye kipilefti. Nilikaa kushoto kwake nikamwambia aendeshe kama siku zote, kutoka upande ambao kwenye mchoro wetu ni Stendi, kwenda kulia.

Alifika leni ya kushoto, indiketa imezimwa. Akapisha vizuri, akaingia nje. Mdomo wa kwanza ukapita, akabaki nje. Karibu na mdomo wa pili, Fuso lililosheheni machungwa likaja ubavuni kulia kwetu, leni ya ndani, likipiga indiketa ya kushoto. Lilikuwa linakwenda mbele, nalo lilikuwa na haki. Niliona matenga yakiinamia upande wetu. Nikasema, "Toka nalo, toka hapa hapa." Alitaka kubisha, lakini akatoka ya pili kama lile Fuso, sisi leni ya kushoto nalo ya kulia. Tulikwenda mbele kidogo, tukageuza penye nafasi, tukarudi.

Akaniambia, "Mwalimu, mimi nakaa nje nisimsumbue mtu."

Nikamwambia aniambie njia ya ngapi. "Ya tatu." Basi leni ya kulia. Tukaanza tena. Mita mia kabla akahamia kulia kwa kioo na indiketa. Akafika mstarini na indiketa ya kulia, akasubiri bajaji mbili zipite, akaingia leni ya ndani. Usukani ulipokata kushoto mlio ukazimika, akausikia mwenyewe, akawasha tena. Mdomo wa kwanza ukapita, indiketa ya kulia inapiga. Aliyesimama pale Sokoni alimwona, akatulia, kwa sababu alijua gari hili linaendelea. Mlango wetu ulipofika usawa wa mdomo wa pili, akapandisha kijiti hadi juu. Kioo. Shingo. Palikuwa na baiskeli nje, mzee amebeba kuni, anakanyaga taratibu akielekea huko huko kulia. Kaka akamwacha atangulie, akasogea nyuma yake, akatoka ya tatu. Hakuna aliyepiga honi.

Mzee yule wa baiskeli nimemtaja makusudi. Waendesha baiskeli hapa Tanga ni wengi, nao hukaa leni ya nje hata wakienda kulia, maana leni ya ndani kwao ni hatari zaidi. Kanuni ya leni niliyoiandika ni ya magari. Ukiwa unatoka, baiskeli iliyo kushoto kwako ichukulie kwamba inaendelea kuzunguka mpaka uione imetoka.

## Ukishakosea leni

Usirekebishe kosa kwa kuchomekea. Una njia mbili tu.

Uko leni ya nje na ulitaka kuendelea: toka kwenye mdomo ulio mbele yako, kama nilivyomwambia yule kaka, kisha ugeuzie mbele penye usalama.

Uko leni ya ndani, umefika mdomo wako, na nje kuna gari: zima ya kushoto, washa ya kulia, zunguka tena. Mita 160 kwa kilomita ishirini kwa saa ni sekunde kama ishirini na tisa. Nawaambia wanafunzi wahesabu hizo sekunde kwa sauti wakiwa ndani ya gari, kwa kuwa wanapokuwa wamekosea zinaonekana kama nusu saa. Ukizunguka, anza indiketa upya kama anayekwenda kulia, na washa ya kushoto kwenye mdomo ulio kabla ya wako.

Usisimame ndani ya mzunguko ukisubiri mtu akupe njia ya kutoka. Anayekufuata anatazama kulia au mdomo wake, na hakutegemea gari lililosimama hapo.

## Malori yenye trela

Hapa bandari ni yetu na saruji ni yetu, basi trela utakutana nazo. Tairi za nyuma za trela hazifuati zile za mbele. Zinakata ndani zaidi. Likiingia linabana kushoto, likizunguka linabana kulia kuelekea kisiwani. Dereva wake kwa hiyo analazimika kuchukua leni zote mbili, na indiketa yake inaweza kusema kulia huku kichwa kiko kushoto.

Usijipenyeze ubavuni. Kaa nyuma ya trela, mahali unapoviona vioo vyake vya pembeni, na umwache amalize. Kama huvioni vioo, naye hakuoni.

## Mazoezi kabla ya kwenda kwenye foleni

Anza sakafuni na vizibo mpaka uweze kusogeza viwili kwa pamoja, kimoja Stendi kwenda Hospitali na kingine Stendi kwenda Bandarini, ukisema kwa mdomo indiketa ya kila kimoja kwenye kila mdomo. Ukisita, rudia.

Kisha nenda na gari Jumapili asubuhi. Zunguka mara tatu kwenda kushoto, mara tatu mbele, mara sita kulia, na mara mbili kurudi ulikotoka. Mtu wa kiti cha kushoto awe na karatasi yenye safu nne: leni ya kuingilia, indiketa ya kuingilia, mahali ilipowashwa ya kutokea, na kama shingo iligeuka. Aandike alichokiona, asikuelekeze. Kipimo changu ni mizunguko kumi na nne mfululizo isiyo na doa kwenye safu yoyote. Ukikosea mmoja, hesabu inaanza upya.

Ukipita hapo, rudi siku ya kazi saa nne asubuhi, foleni ya shule na ya ofisi ikiwa imepungua. Na ukimkuta trafiki amesimama katikati anaongoza kwa mikono, fuata mkono wake. Habari za kupisha wa kulia zinasubiri mpaka aondoke, ila leni na indiketa za kutokea zinabaki vile vile.